Fedha Imetoka Simuni, Mita Haina Habari

Mtu anayelipia maji kabla ya kuyatumia aghalabu hudhani kwamba fedha yake husafiri kutoka simuni mpaka mitani, na kwamba ikiwa haikufika basi imepotea njiani. Ilhali hakuna fedha yoyote inayofika katika mita, wala mita yenyewe haijui shilingi ni kitu gani. Kinachofika ni idhini ya kutoa kiasi fulani cha maji, na mpaka idhini hiyo ifanye kazi, muamala huandikwa katika madaftari matatu yanayotunzwa na watu wasiokaa pamoja: daftari la kampuni ya simu, daftari la muuza maji, na daftari dogo lililofungiwa ndani ya mita. Malalamiko ya kwamba nimelipa na mita haikuongezeka karibu yote ni habari ya madaftari hayo kutopatana, na anayetaka kuipata haki yake sharti kwanza ajue ni daftari lipi la mwisho lililouandika muamala wake.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda, linalojulikana zaidi kwa herufi zake NWSC, limeweka katika mitaa ya watu wa kipato kidogo mjini Kampala mabomba ya umma yanayofunguliwa kwa tokeni ambayo mwenyewe huijaza salio; mjini Nairobi, mwaka 2015, kampuni ya maji ya jiji ilifungua katika Mathare vituo vinavyotoa maji kwa kadi, mashine zake zikiwa za kampuni ya Grundfos ya Denmark; na huko Iringa, Tanzania, mamlaka ya maji imewafungia wateja mita za nyumbani za namna hiyohiyo. Mkazi wa Kasese, hata kama maji yake mwenyewe bado yanalipiwa kwa ankara ya mwezi, amekwisha kuifahamu desturi yenyewe kwa upande wa umeme, maana mita za Yaka zimemzoeza kuzibonyeza tarakimu ishirini na kungoja taa irudi.

Mita za maji zenye vitufe hufuata kanuni ileile ya tarakimu ishirini, na hizo ndizo tutakazokaa nazo zaidi. Ili maelezo yasielee hewani, tumchukue mpangaji mmoja wa kubuni katika mji wa Mpondwe, karibu na Bwera, aliyehamia katika nyumba iliyokuwa imekaa bila mtu kwa muda mrefu, na mita yake inaonyesha kwamba zimebaki yuniti 0.4. Yuniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni jerikani 50 za lita 20. Kwa hiyo mpangaji wetu amebakiwa na jerikani 20, na jioni ya Ijumaa analipa shilingi 20,000 kwa simu. Tuiweke bei ya yuniti kuwa shilingi 4,000, kwa ajili ya hesabu tu. Yeye anatarajia yuniti 5, mita isome 5.4. Usiku unaingia, na mita bado inasoma 0.4.

Daftari la kwanza: simu

Swali la kwanza si kama maji yamekuja, bali ni kama fedha imetoka, na jawabu lake haliko katika kumbukumbu ya mlipaji wala katika neno la wakala aliyemsaidia, bali katika orodha ya miamala ya akaunti yake. Mwenye MTN hufungua `*165#` na mwenye Airtel hufungua `*185#`, kisha huangalia salio lake na miamala ya karibuni. Hapo ataona moja ya mambo matatu: ama fedha haikukatwa kabisa, ama imekatwa kisha ikarejeshwa, ama imekatwa na muamala umekamilika na kupewa namba yake. Hali mbili za mwanzo hazina shauri: muuza maji hakupokea kitu, na malipo yafanywe upya. Hali ya tatu ndiyo inayotupeleka katika daftari la pili, na namba ya muamala ndiyo shahidi wa kwanza ambaye hafai kufutwa simuni kwa ajili ya kupata nafasi ya picha.

Pale mpakani pana tatizo lake mahsusi. Mto Lhubiriha unazitenga Uganda na Kongo kwa hatua chache tu, na mawimbi ya simu hayakaguliwi na forodha. Simu iliyo Mpondwe yamkini ikauacha mnara wa Uganda na kuushika wa upande wa Kasindi, na ujumbe uliokuwa ukitarajiwa ukachelewa au usije kabisa. Kutokuja kwa ujumbe, basi, si dalili ya kutokuwepo kwa muamala. Mpangaji wetu alipolitazama jina la mtandao juu ya kioo cha simu yake na kulikuta geni, aliuchagua mtandao wake kwa mkono katika mipangilio ya simu, akafungua orodha ya miamala, na akakuta kwamba shilingi 20,000 zimekatwa na muamala umekamilika. Lau angelipa mara ya pili kwa wasiwasi, angekuwa amenunua maji mengine juu ya yale, wala asingekuwa ametatua lolote.

Daftari la pili: muuza maji

Kampuni ya simu ikiisha kupeleka habari ya malipo, mashine ya muuza maji hufanya mambo mawili: hutazama fedha hii ni ya mita gani, kisha hutunga tokeni, yaani ile namba ya tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo mmefichwa kiasi cha maji na dakika ambayo tokeni ilitungwa, na vyote viwili vimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita moja tu. Ni kama barua iliyopigwa lakiri, ambayo hata ikiokotwa na mtu mwingine haitamfaa kitu. Ndiyo sababu tokeni ya jirani haiingii katika mita yako, na ndiyo sababu pia kosa la namba ya mita ndilo kosa la kuchunguzwa kabla ya mengine yote.

Namba ya mita za aina hii ina tarakimu 11 au 13, na tarakimu yake ya mwisho haikuwekwa ovyo: huhesabiwa kutokana na zile zilizotangulia, ili mtu akikosea tarakimu moja mashine iikatae namba yote. Kinga hiyo huwafaa wenye vidole vizito, lakini haimfai mtu aliyeandika kwa usahihi kamili namba ya mita isiyo yake. Mpangaji aliyeihifadhi simuni namba ya nyumba aliyohama, mwenye nyumba mwenye milango minne na mita nne zilizopangwa ukutani, mtoto aliyetumwa kulipa akaisoma namba ya chombo cha vitufe kilicho mbali na mita badala ya ile ya mita yenyewe: hawa wote hupewa risiti safi na tokeni halali ya mahali pengine. Kwa hiyo risiti isomwe tarakimu kwa tarakimu mbele ya mita, si kwa kukisia tarakimu tatu za mwisho.

Namba zikiwa zimepatana na tokeni haikuja, dawa ni kuomba itumwe tena, wala si kununua nyingine. Muuzaji aliyekwisha kuitunga anayo katika daftari lake, na akiituma tena itakuwa ileile, tarakimu kwa tarakimu, kwa hiyo mnunuzi asiogope kuijaribu hata kama anadhani mtu wa nyumbani amekwisha kuiingiza. Mita ikiwa imekwisha kuipokea itasema hivyo, na hapana hasara. Lakini ikiwa muuzaji hana habari ya malipo hayo ilhali kampuni ya simu inayo, basi muamala umekwama baina ya madaftari hayo mawili, na hali hiyo hutokea hasa mashine ya muuzaji inapochelewa kujibu. Muda ukipita, ama malipo yataandikwa kwa kuchelewa, ama fedha itarejeshwa. Na mteja, akiwa na namba ya muamala mkononi, ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo litakalotendeka.

Mpangaji wetu aliomba, akatumiwa ujumbe mrefu wenye mafungu matatu ya tarakimu ishirini-ishirini. Akadhani kwamba ametumiwa tokeni moja mara tatu, akachagua fungu la mwisho, akalibonyeza, na mita ikalikataa.

Daftari la tatu: mita

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pana habari yenye kustahili kuelezwa kwa kituo. Ile dakika iliyofichwa ndani ya tokeni ilikuwa ikihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa ajili yake inatosha dakika milioni 16 na laki saba na zaidi kidogo, basi. Dakika hizo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo, kila mita iliyofuata hesabu hiyo duniani, ya umeme na ya maji, ilipaswa kubadilishiwa ufunguo ili hesabu ianze upya, na mabadiliko hayo hufanywa kwa kubonyeza mafungu mawili ya tarakimu 20 yasiyobeba maji yoyote. Wenye Yaka wanayakumbuka mafungu hayo, kwa kuwa walitakiwa kuyaingiza kabla ya kununua umeme kama kawaida.

Mita iliyokuwa katika nyumba tupu wakati huo, isiyokuwa na mtu wa kuibonyezea kitu, hubaki na ufunguo wa zamani, na kila tokeni mpya huiona kuwa ni maneno matupu. Ndiyo iliyokuwa hali ya nyumba ya mpangaji wetu. Mafungu mawili ya kwanza katika ujumbe wake yalikuwa ya ufunguo, na la tatu ndilo lililobeba maji. Sharti yaingizwe kwa mpangilio uleule yalivyotumwa. Alipofanya hivyo, la kwanza likapokewa, la pili likapokewa, na la tatu likaongeza salio. Na ipo tahadhari inayofuatana na jambo hili: tokeni iliyonunuliwa zamani ikasahauliwa bila kuingizwa hufa pale ufunguo unapobadilika, maana ilifungwa kwa ufunguo ambao mita haiujui tena; iingizwe kabla, au irudishwe kwa muuzaji aitunge upya.

Mita husema kwa maneno machache kwenye kioo chake, na ijapokuwa maneno hayo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, maana zake ni zilezile. `Accept` ni kwamba imepokea. `Used` ni kwamba tokeni hii imekwisha kuingia, na hapo haifai kugombana na muuzaji kabla ya kumwuliza kila mtu wa nyumbani. `Old` ni kwamba tokeni imetungwa zamani kupita zote ambazo mita ingali inazikumbuka. `Reject` ndiyo yenye sababu nyingi: tarakimu iliyokosewa, namba ya mita nyingine, au ufunguo usiopatana. Kwa neno hili la mwisho, njia ni kuibonyeza tena tokeni taratibu, nne-nne, mtu mmoja akisoma na mwingine akibonyeza. Ikikataliwa tena, kosa haliko kwenye vidole, na kuendelea kujaribu hakufai, kwa kuwa mita nyingine hujifunga kwa muda zikibonyezewa makosa mfululizo.

Pana pia hali ambayo tokeni ni sahihi na mita ni sahihi, lakini wawili hao hawajakutana. Mita nyingi za maji zimegawanyika: chombo cha vitufe kiko ukutani ndani ya nyumba, na mita yenyewe, pamoja na vali inayofungua na kufunga maji, iko shimoni uani, na baina yao hupita mawimbi ya redio au waya mwembamba. Salio hukaa katika mita ya shimoni, si katika vitufe. Betri ya vitufe ikidhoofika, au shimo likijaa maji ya mvua, au waya ukikatwa na jembe, kioo kitaendelea kuonyesha salio la juzi. Jaribio lake ni jepesi: badilisha betri za vitufe, kichukue chombo mpaka karibu na shimo ikiwa hakina waya, uingize tokeni ileile tena. Ikisema imekwisha kutumika, maji yako yamo. Kilichokuwa kimechelewa ni habari yake.

Salio liko, maji hayako. Maji yako, salio pungufu

Mita ya mpangaji ilisoma 3.9 badala ya 5.4. Yuniti moja na nusu, jerikani 75, zilikuwa wapi? Risiti ilijibu: nyumba ilikuwa na deni la zamani, na muuzaji alikuwa amepanga kukata sehemu 30 katika kila mia ya manunuzi mpaka deni liishe. Shilingi 6,000 zilikwenda kwenye deni. Zilizobaki 14,000 zilinunua yuniti 3.5, na 3.5 ukiijumlisha na 0.4 ya awali ndiyo hiyo 3.9. Mita haikukosea hata jerikani moja. Ugomvi, kama upo, ni baina ya mpangaji na mwenye nyumba juu ya deni lisilokuwa lake, na ugomvi huo hautatuliwi kwa kubonyeza vitufe. Ajuaye jambo hili atasoma risiti kwa kutafuta yuniti zilizouzwa, si shilingi zilizolipwa. Na kwa kuwa tokeni za maji hupimwa kwa sehemu za kumi za yuniti, yaani lita 100, tofauti iliyo chini ya jerikani tano yaweza kuwa ni ya kukadiria tu, wala si ya wizi.

Upande wa pili wa kosa hilo ni mtu aliye na salio la kutosha na bomba kavu, akasema kwamba malipo yake hayakuingia. Katika wilaya ya Kasese, ambako Mto Nyamwamba ulifurika kwa kishindo mwezi Mei 2013 na tena mwezi Mei 2020, ukabomoa madaraja na nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe, na ambako mabomba mengi hushuka kutoka vijito vya milimani, kama vile vya upande wa Mahango, pengine maji hayapo kwa sababu bomba kuu limeziba kwa mchanga au limechukuliwa na mto. Jirani mwenye mita yake akiwa hana maji vilevile, basi mita yako haina taksiri. Jirani akiwa nayo na wewe una salio lakini huna maji, shuku vali: betri ya ndani ya mita ikikaribia kwisha, au mita ikihisi imefunguliwa kifuniko au kusogezewa sumaku, vali hujifunga, na hakuna tokeni ya manunuzi itakayoifungua. Hapo anahitajika fundi wa muuzaji.

Wenye kadi

Katika mabomba ya umma mambo hubadilika kidogo, kwa kuwa mita haina vitufe, bali ina mahali pa kugusisha kadi au tokeni ya mkononi. Malipo ya simu huandikwa kwanza katika seva ya muuzaji, na hukaa huko yakiingoja kadi. Kadi inapowekwa kwenye bomba lililo na mtandao, ndipo salio linapoteremka. Bomba lililo bondeni, lisiloshika mnara, litaendelea kuisoma kadi kwa salio lake la zamani na kutoa maji kwa hilo, bila kujua habari ya malipo ya asubuhi. Mwenye kadi iliyokataa kuongezeka aipeleke kwenye bomba jingine la muuzaji huyohuyo, lenye mtandao: ikiongezeka, kosa ni la bomba la kwanza. Isipoongezeka hata huko, na kadi ya mwenziwe iliyolipiwa siku hiyohiyo ikiongezeka palepale, kosa ni la kadi yake au la namba aliyoilipia. Na kadi isiondolewe upesi, bali ikae mpaka bomba lithibitishe, maana kadi iliyonyanyuliwa katikati ya kuandikwa yaweza kubaki na salio lisilopatana na la seva.

Kudai

Baada ya hayo yote, mwenye madai hujua aende kwa nani. Fedha ambayo simu inasema imekatwa na muuzaji anasema hajaipokea ni dhima ya kampuni ya simu kwanza, na kampuni hizo, tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020, husimamiwa katika kazi hiyo na Benki Kuu ya Uganda, ambako shauri lisilomalizwa laweza kupelekwa. Fedha ambayo muuzaji amekiri kuipokea, na tokeni yake imekataliwa na mita yenye namba ileile, ni dhima ya muuzaji, wala si haki mteja kurudishwa kwa kampuni ya simu. Aende na vitu vitano: namba ya muamala, saa na kiasi cha malipo, namba ya mita ilivyochorwa juu ya mita yenyewe, tokeni aliyopewa, na picha ya kioo cha mita kikionyesha neno lililokataa pamoja na salio la wakati huo.

Lipo jambo moja ambalo mteja hawezi kulikagua kwa juhudi yoyote, nalo ni yaliyomo ndani ya tokeni. Hana njia ya kuzifungua tarakimu ishirini na kuona kama kweli zimebeba yuniti 3.5; analoweza ni kuandika salio kabla na baada, kisha kulinganisha tofauti na yuniti zilizo katika risiti. Kwa sababu hiyo, risiti isiyotaja yuniti, bei ya yuniti na makato ya deni kila kimoja mahali pake inamnyang'anya mnunuzi kipimo pekee alichonacho, na wauza maji wowote watakaotaka kuzileta mita hizi Kasese na Bwera waulizwe habari ya risiti hiyo kabla shimo la kwanza halijachimbwa uani.